Pinati bata na njugu nzima: kijiko ndo kinatuchanganya

Asalaam aleikum, niko Wete. Jirani kaniambia kijiko kimoja cha pinati bata kina protini karibu mara mbili ya kijiko cha njugu nzima. Mie nna mtoto wa miaka 3, kwani niache njugu nihamie kwenye pinati bata?

Waaleikum salaam dada. Jirani hajakosea hesabu, kilichomponza ni kijiko. Kijiko kikubwa cha kupimia, ukikijaza pinati bata ukakisawazisha juu kwa kisu, kinachukua kama gramu 16, na hapo unapata protini kama gramu 4. Kijiko hichohicho ukikijaza njugu nzima kinachukua gramu 9 tu hivi, protini gramu 2 na ushee. Sasa ukitazama kijiko utasema pinati bata ndo kiboko, lakini kumbe umepima gramu 16 upande mmoja na gramu 9 upande wa pili, nafasi iliyobaki ni upepo uliokaa baina ya punje na punje. Ni kama ndoo ya nazi nzima na ndoo ya nazi iliyokunwa, ndoo ni moja ila kilichomo si sawa.

Weka kwenye mizani mambo yanaisha. Chukua gramu 30 za njugu za kukaanga zilizomenywa, zitakujazia vijiko 3 na kidogo. Zisage mpaka ziwe laini, usitie kitu chochote, ikisha zijaze tena kwa kijiko kilekile: hazifiki hata viwili. Protini ni ileile, kama gramu 7, haikuongezeka wala haikupungua ila ile kidogo iliyonata kwenye brenda.

Ila kwa mtoto wa miaka 3 mpe ya kusaga, na sababu si protini. Njugu nzima humpalia mtoto, inaweza kuingia kwenye njia ya hewa, kwa hivyo chini ya miaka 5 usimpe nzima kabisa. Na hiyo ya kusaga usimpe donge zito mdomoni, linanata kooni, koroga kwenye uji au paka nyembamba kwenye mkate. Kama hajawahi kula njugu basi anza na kidogo mno umwangalie, wako watoto miili yao haizitaki, wanavimba midomo au wanatoka vipele.

Sasa mbona kopo la dukani limeandikwa protini 22 kwa gramu 100, na njugu wanasema 25? Si ina maana zikisagwa zinapungua?

Hazipungui, zimechanganywa. Soma pale kwenye viungo utakuta sukari, chumvi na mafuta mengine yaliyotiwa yasije yakajitenga. Kila gramu ya sukari iliyoingia kwenye zile 100 imechukua nafasi ya gramu ya njugu, na sukari haina protini. Kopo lililoandikwa njugu tupu huwa kwenye 24 au 25. Kwa hivyo ukilinganisha makopo mawili usitazame mstari wa "kwa kijiko", maana kila kiwanda kina kijiko chake, tazama wa gramu 100.

Niliyosagisha mwenyewe mafuta yanapanda juu, nikichota juujuu kuna ubaya?

Hapo ndo kijiko kinakudanganya mara ya pili. Yale yanayoelea ni mafuta matupu, protini imezama na unga chini. Ukichota bila kukoroga, wa mwanzo anakula mafuta na wa mwisho anakuta donge kavu lenye protini nyingi, na wote wamekula "kijiko kimoja". Ingiza kijiko mpaka kitako cha kopo ukoroge mpaka rangi iwe moja. Usiyamwage mafuta, mtoto anayahitaji.

Mizani sina, nifanyeje?

Mwenye duka anayo. Nunua robo ya njugu zilizokwisha kukaangwa na kumenywa, mwambie akupimie mbele yako, chambua zilizooza na zenye ukungu uzitupe, zilizobaki sagisha zote tia kwenye kopo. Robo ni gramu 250, ndani yake protini ni kama gramu 60. Kama ni ya siku 8 igawe mafungu 8, kila fungu linakuwa kama gramu 31, protini zaidi ya 7. Ukishagawa hivyo mara moja, tazama fungu moja linajaza vijiko vingapi vya kwako, maana vijiko vyetu vya nyumbani havifanani, kuna vya biriani hivyo vikijazwa kwa mlima vinabeba mara mbili ya cha kupimia. Kuanzia hapo kijiko chako unaweza kukitumia, lakini kwa pinati bata hiyo tu, siku ukirudi kwenye njugu nzima kwa ajili ya wakubwa hesabu hiyo haifai tena.