Mwezi ulipatwa Jumapili, kikao cha mahari kikavunjwa Jumatano

Tarehe 7 Septemba 2025 tulikuwa Dunga hapa Kisumu, ukingoni mwa ziwa, tukiutazama mwezi ukigeuka rangi ya shaba. Ulifunikwa wote kuanzia saa mbili na nusu usiku, na ilikaribia saa nne ndipo mwanga ukaanza kurudi pembeni. Binamu yangu, msichana niliyemlea tangu akiwa darasa la tatu, hakuutazama. Alikuwa ameinamia simu akisoma ujumbe wa mnajimu aliyemlipa: "Kupatwa huku kumeangukia jua lako na jua la mchumba wako. Uhusiano huu unakatika ghafla." Wazee walikuwa wakutane Jumamosi iliyofuata kuzungumzia mahari. Jumatano akawapigia simu, akakivunja kikao.

Tangu siku hiyo nimeisikia imani hii Kisumu, Nakuru na hata Kakamega, kwa hiyo naiandika kama ninavyoijua. Unajimu wa kulinganisha chati za watu wawili, yaani sinastria, huchukua mahali pa jua, mwezi, Zuhura, Mirihi na asendanti, yaani digrii inayochomoza mashariki mtu anapozaliwa, katika chati ya kila mmoja, ule mchoro wa anga ya saa aliyozaliwa. Kupatwa kukiangukia mojawapo ya pointi hizo, au mkabala wake, ndipo husemwa kwamba mapenzi yataanza au yatakufa kwa kishindo.

Dhana: Kupatwa kukigusa chati zenu wawili, ni ishara iliyowalenga ninyi.

Mwezi wa usiku ule ulikuwa kwenye digrii ya 15 ya nyota ya Samaki. Jua lilikuwa mkabala wake, digrii ya 15 ya nyota ya Mashuke, maana mwezi haupatwi mpaka dunia ikae katikati yake na jua. Jua hupita digrii ya 15 ya Samaki kila mwaka karibu na tarehe 6 Machi. Binamu yangu alizaliwa tarehe 6 Machi. Mchumba wake alizaliwa tarehe 9 Septemba, siku mbili tu baada ya tarehe ya kupatwa kwenyewe. Huna haja ya programu yoyote kuliona hilo, kalenda ya ukutani inatosha.

Sasa tazama ni nani mwingine aliyeguswa. Wanajimu wengi huruhusu digrii kama 3 kila upande. Jua hutembea karibu digrii moja kwa siku, kwa hiyo wameguswa wote waliozaliwa kati ya tarehe 3 na 9 Machi, na kati ya tarehe 5 na 11 Septemba, mwaka wowote ule. Hiyo ni digrii 12 kati ya 360, yaani karibu mtu mmoja katika kila 30. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.5, kwa hiyo walioguswa majua yao usiku ule hapa nchini ni kama milioni moja na nusu. Wengine walikuwa fungate.

Na yale majua mawili si mashahidi wawili. Machi 6 na Septemba 9 zimeachana karibu nusu mwaka, kwa hiyo majua yao yanatazamana. Karibu kila kupatwa kutakakomgusa mmoja kutamgusa na mwenzake. Yule mnajimu alihesabu jambo moja mara mbili, na mtoto wa watu akatetemeka mara mbili.

Dhana: Kupatwa kukiangukia pointi za wapendanao ni jambo la nadra.

Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi, nami nilikaa na binamu yangu mezani na daftari mpaka akaiona hesabu mwenyewe. Kila mmoja ana pointi 5, jumla 10. Kila kupatwa hufunika sehemu moja katika 30 ya duara. Zidisha kwa 10, unapata theluthi moja: kwa wastani, kila kupatwa mara tatu, mara moja kutaigusa chati ya wawili hao. Mwaka haukosi kupatwa mara nne, mbili za jua na mbili za mwezi. Kwa hiyo wapendanao wowote, wawe wa Kondele au wa Milimani, wategemee kuguswa kama mara 4 katika miaka 3.

Ongeza sasa kwamba husemwa athari yake huanza miezi kadhaa kabla na huendelea hadi miezi sita baadaye. Ukiwa na migusano minne ndani ya miaka mitatu, na kila mmoja umezungukwa na miezi mingi hivyo, ni siku gani ya uchumba itakayobaki nje?

Kwa binamu yangu ugomvi ulianza Mei, mchumba wake alipohamishiwa kazi Nakuru na simu za jioni zikapungua. Tulizirudia jumbe zao moja moja, tarehe zimo. Binamu yangu alipomwambia mnajimu kwamba Mei ni kabla ya Septemba, akajibiwa kwamba basi kilichoanzisha ni kupatwa kwa mwezi kwa tarehe 14 Machi. Huko kulikuwa karibu na digrii ya 24 ya Mashuke, digrii 7 mbali na jua la mchumba. Ukiona digrii 3 zimegeuka 7 baada ya jambo kutokea, jua kwamba kipimo kinafuata tukio.

Dhana: Chati ikishachorwa kwenye kompyuta haina kosa.

Asendanti husogea digrii moja kila dakika 4 hivi. Mama akisema ulizaliwa "saa mbili asubuhi" na wewe ukaandika 02:00 badala ya 08:00, umekosea saa sita: asendanti imehama karibu robo ya duara na mwezi umesogea digrii 3 na zaidi. Binamu yangu alikuwa amefanya kosa hilohilo. Shangazi alimzalia nyumbani, akakadiria saa kwa kuwika kwa jogoo, kwa hiyo hata ile 08:00 ni ya kubahatisha.

Dhana: Wazee wote wa kale walikubaliana kwamba kupatwa huamua maisha ya mtu.

Waislamu wa hapa Kisumu wanaijua habari ya Ibrahim, mwana wa Mtume, aliyefariki siku ambayo jua lilipatwa. Watu waliposema jua limepatwa kwa ajili ya kifo chake, Mtume aliwakataza: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Yalisemwa na baba aliyefiwa, na hunigusa kila ninaposikia mtu akiupa mwezi lawama za ndoa yake.

Anayetaka kupima afanye tulivyofanya. Andika kwanza tarehe za uhusiano wako: mlipokutana, mlipogombana, mlipopatana. Usiangalie anga bado. Kisha andika kila kupatwa kwa miaka hiyo na digrii zake, weka kipimo cha digrii 3 na usikibadilishe. Mwisho rudia yote kwa chati za watu wengine.

Kati ya 2023 na 2025 kulikuwa na kupatwa mara 12. Chati za binamu yangu na mchumba wake ziliguswa mara 4. Zangu na za mume wangu, tuliooana 2011 na tusiotengana hata wiki moja miaka hiyo mitatu, ziliguswa mara 5. Wao wawili walikutana kwenye harambee Kakamega mnamo Juni 2023, na kupatwa kwa Aprili na kwa Mei mwaka huo hakukugusa pointi yao hata moja.

Binamu yangu alifunga daftari, akaniuliza, "Dada, matatu ya Nakuru ya kwanza huondoka saa ngapi?"