Je, wajua? Kuna mahali x² − 1 ina mizizi minne

*Mwalimu alitwambia mlinganyo wa kipeo cha pili hauzidi majibu mawili. Mimi nimejaribu x² − 1 = 0 kwa moduli 8, nikapata 1, 3, 5 na 7. Nani kakosea, mimi au mwalimu?*

Hakuna aliyekosea. Mwalimu alikuwa kwenye namba za kawaida, wewe umehamia nyumba nyingine. Kuna sheria moja aliyoiegemea bila kuitaja, na nyumba uliyohamia haina sheria hiyo.

Kwanza tukague kazi yako. Kwenye moduli 8 tunabakiza baki tu: namba yoyote ikigawanywa kwa 8 huacha baki kuanzia 0 hadi 7, na hizo nane ndizo namba zote tulizo nazo. 5 + 6 ni 11, toa 8, inabaki 3. Na −1 ni sawa na 7, kwa sababu 7 ukiiongezea 1 unafika 8, yaani 0. Hesabu hizi tunazipiga kila siku bila kuzipa jina, tunapojiuliza siku kumi kutoka Jumatatu itakuwa siku gani. Tofauti ni kwamba hapa wiki ina siku nane.

Sasa vipeo vya pili. 3² ni 9, baki 1. 5² ni 25, toa 24, baki 1. 7² ni 49, toa 48, baki 1. Na 1² ni 1 yenyewe. Namba shufwa hazifui dafu: 0, 2, 4 na 6 vipeo vyake vya pili vinaacha 0, 4, 0 na 4. Kwa hiyo mizizi ni witiri zote nne, na si kwa bahati. Witiri yoyote huandikwa 2k + 1, na kipeo chake cha pili ni 4k(k + 1) + 1. Kati ya k na k + 1, namba mbili zinazofuatana, lazima mojawapo iwe shufwa. Basi 4k(k + 1) inagawanyika kwa 8 bila baki, na kinachosalia ni ile 1.

Majibu yako ni sahihi. Tuangalie basi kauli ya mwalimu inasimama juu ya nini, maana uthibitisho wake una hatua mbili, na ni moja tu kati yake inayovunjika.

Hatua ya kwanza: ukishapata mzizi mmoja, tuuite a, polinomia f(x) inakubali kutolewa mabano ya (x − a). Sababu yake ni nyepesi. Kwa kuwa f(a) ni sifuri, f(x) ni sawa na f(x) − f(a), na ukizipanga istilahi mojamoja, kila moja ina kitu cha sura ya x² − a², au x³ − a³, na kuendelea. Vyote hivi vina (x − a) ndani yake. Kwa mfano:

x³ − a³ = (x − a)(x² + ax + a²)

Zidisha upande wa kulia uone istilahi za katikati zinavyofutana. Hapa tumejumlisha, tumetoa na tumezidisha tu, hatukugawanya popote. Kwa hiyo hatua hii inafanya kazi kwenye moduli 8 kama inavyofanya kazi kwenye daftari la kidato cha pili. Tunaishia na f(x) = (x − a)·g(x), ambapo digrii ya g ni pungufu kwa moja.

Hatua ya pili: tuseme kuna mzizi mwingine, b. Tukiuweka mahali pa x, tunapata (b − a)·g(b) = 0. Kwa kuwa b si a, basi b − a si sifuri. Kwa hiyo g(b) ndiyo sifuri, yaani b ni mzizi wa g. Rudia zoezi juu ya g. Kila mzizi mpya unakula digrii moja, na digrii zikiisha inabaki namba tupu isiyo sifuri, ambayo haiwezi kuwa na mzizi. Polinomia ya digrii 5 basi inalisha mizizi mitano kwa wingi, haiwezi kulisha wa sita.

Ile sheria isiyotajwa imejificha kwenye "kwa hiyo" ya hatua ya pili. Tulisema zao ni sifuri, kizidishi cha kwanza si sifuri, kwa hiyo cha pili ndicho sifuri. Tumezoea kufikiri hivyo kiasi kwamba hatuoni kama tumedai kitu. Jaribu sasa kwa polinomia yako. Chukua a = 1, upate x² − 1 = (x − 1)(x + 1), na g(x) ni x + 1. Weka b = 3:

(3 − 1)(3 + 1) = 2 × 4 = 8 = 0

2 si sifuri, 4 si sifuri, ila zao lao ni sifuri. Kwa 5 ni hivyohivyo: 4 × 6 ni 24, yaani 8 mara tatu. 7 peke yake ndiyo imefuata utaratibu, kwa kuwa 7 + 1 kweli ni 0. Ukipenda, 1 na 7 zimeingia mlangoni, 3 na 5 zimepita dirishani.

Ila usiwaonee hao wa dirishani. Zidisha (x − 3)(x − 5): unapata x² − 8x + 15. Kwenye moduli 8, 8x inatoweka na 15 inakuwa 7, yaani −1. Umerudi kwenye x² − 1 ileile! Ukiiangalia kwa mabano haya, 3 na 5 ndio wenye mlango, 1 na 7 ndio waliopanda dirisha. Polinomia moja ina njia mbili tofauti kabisa za kutolewa vigawo, jambo ambalo halitokei kwenye namba tulizozizoea. Kwangu mimi hili ndilo la ajabu zaidi katika habari hii yote, kuliko hata ile mizizi minne.

Namba kama 2, 4 na 6, ambazo si sifuri lakini zikikutana na mwenzake zinazaa sifuri, tunaweza kuziita vigawo vya sifuri. Mfumo usio na namba za namna hiyo, wenye 1 tofauti na 0, na ambamo a × b ni sawa na b × a, huitwa domeini kamili. Angalia kwamba haudai uweze kugawanya. Namba kamili za kawaida haziruhusu 3 igawanywe kwa 2, lakini ni domeini kamili, na kauli ya mwalimu inasimama humo bila wasiwasi.

Inasimama pia kwenye moduli 7. Kwa kuwa 7 ni namba tasa, huwezi kuzidisha namba mbili kati ya 1 na 6 ukapata kigawe cha 7. Vipeo vya pili vya 1 hadi 6 vinaacha 1, 4, 2, 2, 4, 1, na x² − 1 inabaki na mizizi yake miwili, 1 na 6. Kwa moduli za namba tasa, jambo hili hutajwa kwa jina la Joseph-Louis Lagrange wa karne ya 18.

Na sharti hilo halilegezeki. Chukua mfumo wowote wenye vigawo vya sifuri, tuseme c na d, si sifuri, lakini c × d ni sifuri. Polinomia cx ina digrii moja tu, ila mizizi yake ni 0 na d, tayari miwili. Kwenye moduli 8, 4x ina mizizi minne: 0, 2, 4, 6. Na 4x² + 4x inatoa sifuri kwa namba zote nane, kwa sababu ileile ya k(k + 1) tuliyoiona juu. Hata hivyo si kila polinomia ya moduli 8 inaasi. x² + x ina mizizi miwili tu, 0 na 7: x na x + 1 haziwezi kuwa shufwa zote mbili, kwa hiyo ile iliyo shufwa lazima ibebe 8 nzima peke yake. Uasi unahitaji mizizi ambayo tofauti yake ni kigawo cha sifuri. Zako, 1, 3, 5 na 7, zinatofautiana kwa shufwa tupu.

Mzizi wa ziada una kazi pia, kwani unafichua kwamba moduli si namba tasa. Chukua 561. Ukizidisha 2 kwa yenyewe mara 560 na kubakiza baki ya 561, unapata 1, kama ambavyo namba tasa ingefanya, na asiyejua angeipitisha. Sasa punguza kipeo kwa nusu: kwa 280 bado ni 1. Punguza tena hadi 140, unapata 67. Yaani 67² ni 1 kwenye moduli 561, na kweli 67² ni 4489, nayo ni 8 × 561 ukiongeza 1. Lakini 67 si 1 wala si −1. Kama 561 ingekuwa tasa, x² − 1 isingekuwa na mzizi huo wa tatu. Tena mzizi wenyewe unakukabidhi vigawo: KKS ya 66 na 561 ni 33, KKS ya 68 na 561 ni 17, na 33 × 17 ni 561. Kipimo cha Miller na Rabin, kinachotumiwa na kompyuta kutafuta namba tasa kubwa, kinatumia ufa huu.

Ukiwa na Python kwenye kompyuta, mstari mmoja unatosha kuwinda mizizi:

```python
print([x for x in range(8) if (x*x - 1) % 8 == 0])
```

Badilisha 8 zote mbili ziwe 24, utapata mizizi minane. Kisha weka 9, na hapa uwe mwangalifu: itakuja miwili tu, 1 na 8, ingawa 9 si tasa. Usikimbilie kusema moduli 9 ni salama. Badala ya x² − 1 jaribu x² yenyewe, uone 0, 3 na 6 zinavyojipanga.