Mzigo Unaotangulia kwa Treni: Risiti, Lebo na Siku ya Kuuchukua

Kila shule zinapofungwa, malalamiko ya mizigo "iliyopotea" kwenye treni za abiria za Reli ya Kati huongezeka. Tukifuatilia, mara nyingi mzigo haujapotea: umeteremshwa stesheni nyingine, au uko ghalani na mwenyewe hana risiti.

Chanzo kikubwa ni Tabora. Hapo njia inagawanyika: moja inakwenda Mwanza kupitia Isaka na Shinyanga, nyingine Kigoma kupitia Kaliua, na Kaliua ndipo linapochepuka tawi la Mpanda. Mpakuaji wa Tabora hajui ulichomwambia karani Dar es Salaam. Anasoma lebo. Begi lililobaki na lebo ya safari ya zamani ya Mwanza litapelekwa Mwanza, hata kama risiti yako inasema Kigoma. Kwa hiyo bandua lebo zote za zamani. Jina, simu na stesheni ya mwisho viandike kwenye kila kipande, na karatasi nyingine yenye maelezo hayo hayo iweke ndani, maana lebo ya nje huchanika kwa kuburutwa.

Chukua mfano wa abiria wa Mpanda mwenye sanduku la kilo 31, gunia la kilo 22 na begi la kilo 18. Risiti yake isomeke vipande 3, kilo 71, Mpanda. Ikisomeka "mzigo 1", asiondoke dirishani, kwani gunia likibaki Tabora hatakuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba lilikuwepo. Asimame mzanini mpaka kipande cha mwisho kipimwe na kubandikwa lebo. Na tiketi ya safari si risiti ya mzigo! Hili tumelisema mara nyingi mno.

Simu, fedha na vyeti usiviweke humo, safiri navyo.

Wengi hudhani gharama ya ghala huanza kuhesabiwa wao wanapofika. Sivyo. Huhesabiwa tangu mzigo ulipofika na muda wa bure ukaisha. Aliyetanguliza mzigo Jumatatu akasafiri wiki inayofuata anaweza kukuta deni, na mzigo hautoki kabla halijalipwa. Uliza muda huo siku ya kuandikisha, kisha panga safari yako kwa kuufuata. Kama utachelewa, andikisha jina la ndugu aliyeko huko kuwa mpokeaji, umtumie risiti halisi. Picha ya simu haitoshi, kwa sababu risiti hukusanywa mzigo unapotolewa.

Risiti ikipotea, toa taarifa kwa mkuu wa stesheni mara moja ukiwa na kitambulisho, na uwe tayari kutaja vilivyomo kabla mzigo haujafunguliwa. Anayebabaika kati ya mashuka na vyombo atasubiri uchunguzi.

Wakati wa kupokea, hesabu vipande na uangalie kamba na kufuli kabla ya kutia saini. Ukiona pamefunguliwa, omba mzigo upimwe tena palepale na uzito mpya uandikwe kando ya ule wa kwenye risiti. Ukishasaini na kutoka nje ya geti, karani hana namna ya kujua kama kilo tano zilitoka njiani au kwenye bajaji.