Kufuta deni si kumsamehe mdaiwa

Mhasibu akisema "deni hili tumelifuta", mwenye biashara husikia "tumemsamehe", na habari zikimfikia mteja, yeye husikia "nimepona". Watu watatu, neno moja, na aliyekusudia maana sahihi ni mmoja tu.

Maana yenyewe haihitaji maneno mengi. Kufuta deni ni kuliondoa kwenye hesabu ya wadaiwa kwa sababu huoni tena njia ya kulipwa. Tengo la madeni yenye shaka, ambalo maofisini wengi huliita provisheni, ni makadirio ya sehemu ya wadaiwa ambayo huenda isilipwe, yanayowekwa vitabuni kabla hujajua ni nani hasa atakayekukimbia. Tengo linatangulia, kufuta kunafuata. Yote mawili hufanyika kwenye daftari lako, na hakuna hata moja linalomgusa mteja.

Tabu inaanzia kwenye neno "deni" lenyewe. Kwa Kiswahili cha kawaida, ukisema "nina deni" maana yake unadaiwa. Pesa iliyo kwa mwenzako si deni lako, ni dai lako: "namdai". Maneno haya mawili yanafanana masikioni, lakini yameingia kutoka Kiarabu kwa mizizi tofauti. Deni ni dayn, mzigo ulio shingoni mwa mtu. Dai linatokana na kudai haki, ndiyo maana mahakamani tunasema kesi ya madai, hatusemi kesi ya madeni. Kwa hiyo mtu anayesema "mwaka huu tumefuta madeni ya milioni mbili" anaweza kueleweka kwamba kampuni imelipa ilichokuwa ikidaiwa, kumbe imepoteza ilichokuwa ikidai. Maana hizo mbili zinapingana kabisa. Kwenye leja afadhali useme "wadaiwa" kwa wateja waliochukua mali hawajalipa na "wadai" kwa wale wanaokusubiri wewe. Silabi moja ikidondoka, mali inageuka mzigo.

Halafu "kufuta". Tunafuta vumbi, tunafuta ubao, hakimu anafuta kesi. Kote humo kilichofutwa hakipo tena, ndiyo maana watu wanadhani deni lililofutwa nalo limekufa. Lakini kinachofutwa hapa ni maandishi. Ubao ukiufuta, somo halijafutika vichwani mwa wanafunzi. Kusamehe ni tendo jingine, linalohitaji mdai amwambie mdaiwa kwamba hamdai tena, na Sheria ya Mikataba inamruhusu kufanya hivyo kwa deni lote au sehemu yake. Ukimwandikia mteja barua kwamba deni lake limefutwa, kwa nia ya kumpa tu taarifa ya hesabu zako, umempa karatasi ya kujitetea nayo siku utakapomfikisha mahakamani.

"Tengo" nalo lina udhaifu wake. Linatoka kwenye kutenga, na mtu akisikia kutenga anaona pesa iliyowekwa pembeni. Wapo wenye biashara wanaouliza akaunti ya tengo iko benki gani. Haiko benki yoyote. Hakuna shilingi iliyohama. Ni kwamba umekiri, kwa maandishi, kwamba wadaiwa wako hawana thamani ya jumla ya ankara zao.

Chukua muuza jumla wa vyakula pale Moshi, anayezipelekea mchele, unga, mafuta na mboga hoteli ndogo na kampuni zinazopandisha wageni Kilimanjaro. Ankara zake zinatakiwa kulipwa ndani ya siku 30. Huu ni mfano, lakini tarakimu zake ziko karibu na zile ambazo biashara ya namna hiyo huzikuta. Tarehe 31 Desemba wadaiwa wake wote ni shilingi 60,000,000. Hatua ya kwanza ni kuzipanga ankara kwa umri. Zenye siku 30 au chini ni 34,000,000, zenye siku 31 hadi 60 ni 14,000,000, za siku 61 hadi 90 ni 6,000,000, na zilizopita siku 90 ni 6,000,000 pia.

Kila kundi linapewa asilimia yake ya kutolipwa. Kwake yeye ni 1, 3, 10 na 40. Ukizidisha unapata 340,000, 420,000, 600,000 na 2,400,000, jumla 3,760,000. Hilo ndilo tengo. Kama kitabuni tayari kulikuwa na tengo la 2,500,000 kutoka mwaka jana, gharama ya mwaka huu si 3,760,000 bali tofauti tu, yaani 1,260,000. Anadebiti gharama za madeni yenye shaka, anakrediti tengo. Kusahau tengo la zamani na kuandika yote upya ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kwenye hesabu za biashara ndogo, na linaila faida ambayo kwa kweli ipo.

Asilimia hizo hazitoki hewani wala hazikopwi kwa jirani. Unarudi kwenye ankara za miaka mitatu hivi iliyopita, unaangalia kila kundi, mfano zile zilizowahi kufikisha siku 90 bila kulipwa, kisha unahesabu ni kiasi gani hakikulipwa kamwe. Hapa Kaskazini kuna jambo jingine la kuangalia. Aprili na Mei ni mvua, wageni ni wachache, na kampuni nzima inaweza kuchelewa bila kuwa mbovu, kwa sababu pesa yake inarudi kuanzia Juni. Ankara yenye siku 90 mwezi Mei haina hatari sawa na ankara yenye siku 90 mwezi Oktoba, wakati msimu umeshapita na mteja ameshapokea pesa za wageni wake. Anayetumia asilimia zilezile mwaka mzima anawaonea wateja wa masika na kuwaamini mno wa Oktoba.

Sasa twende Machi. Kampuni moja ya kupandisha wageni, inayodaiwa 1,800,000 tangu Agosti, imefunga ofisi, simu haipokelewi, barua mbili za kudai zimekosa jibu, na mwenye nyumba naye anaitafuta. Ni wakati wa kufuta. Muuza jumla anadebiti tengo 1,800,000, anakrediti akaunti ya mteja huyo 1,800,000. Gharama ya mwaka haiguswi hapa. Hasara ilishaingia Desemba kupitia tengo.

Ukitaka kuamini, fanya kutoa mara mbili. Kabla ya kufuta, wadaiwa 60,000,000 ukitoa tengo 3,760,000 unabaki na 56,240,000. Baada ya kufuta, na tuchukulie hakuna kingine kilichobadilika, wadaiwa ni 58,200,000, tengo ni 1,960,000, na tofauti ni 56,240,000 ileile. Kufuta hakukumpunguzia hata senti. Mwenye biashara aliyekaa wiki nzima akikataa kutia sahihi kwa kuogopa "kupata hasara" alikuwa anagombana na hasara iliyokwisha kuandikwa miezi mitatu nyuma.

Ambaye hana tengo ndiye anayeumia siku ya kufuta, kwa sababu 1,800,000 yote inaingia gharama za Machi ilhali mauzo yake yalihesabiwa Agosti ya mwaka uliopita. Mwaka ule unaonekana mtamu kuliko ulivyokuwa, na huu unaonekana mchungu bure.

Kuna njia ya mkato inayotumiwa sana, nayo ni mbaya: kuliondoa deni kwa kutoa krediti noti. Krediti noti inasema mauzo yenyewe yamepungua, kwamba mali ilirudishwa, au bei ilikosewa, au mzigo ulifika pungufu. Mchele wa yule mteja ulifika na ukaliwa mlimani. Ukitoa krediti noti umepunguza mauzo yako, na kama umesajiliwa VAT na bidhaa ilitozwa kodi hiyo, umeishusha kodi kwa maelezo yasiyo ya kweli, huku risiti ya mashine ya EFD ikishuhudia kwamba mauzo yalifanyika. Na juu ya hayo umemwachia mteja hati inayosema hadaiwi.

Jingine la kuchunga ni nani anafuta. Karani akipokea pesa taslimu kwa mteja na kuiweka mfukoni, njia rahisi ya kuficha ni kulitangaza deni hilo halilipiki. Kwa hiyo anayepokea malipo asiwe ndiye anayeidhinisha kufuta, na kila deni linalofutwa liwe na karatasi yenye jina la mteja, namba za ankara, hatua zilizochukuliwa, na sahihi ya mwenye mali. Mdaiwa "asiyepatikana" lakini ambaye jana alionekana akichukua mzigo mwingine kwa taslimu anastahili kupigiwa simu na bosi mwenyewe.

Karatasi hizo zina kazi pia TRA. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato, tengo halipunguzi kodi. Ile 1,260,000 ya Desemba inarudishwa juu ya faida wakati wa kukokotoa kodi. Kinachokubalika kwa mfanyabiashara wa kawaida ni deni lililofutwa baada ya kuchukua hatua zote za busara za kulidai na kufika mahali pa kuamini kwa sababu za msingi kwamba halitalipwa. Bila barua za kudai na kumbukumbu za ufuatiliaji, umeshakosa hoja.

Na dai linaendelea kuishi. Kwa Sheria ya Ukomo, madai ya mkataba hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6, na mdaiwa akilikiri deni kwa maandishi aliyoyatia sahihi kabla muda haujaisha, au akilipa sehemu yake, muda unaanza kuhesabiwa upya. Kwa hiyo ankara, hati za kupokelea mzigo na anwani za mteja aliyefutwa zinahamia kwenye faili lake peke yake, haziendi jikoni kuwashia mkaa.

Tuseme Septemba, msimu ukiwa umenoga, mwenye ile kampuni anatokea na 500,000. Usiiandike moja kwa moja kama mapato mengineyo. Kwanza rudisha dai: debiti akaunti ya mteja 500,000, krediti tengo 500,000. Kisha pokea: debiti benki 500,000, krediti akaunti ya mteja 500,000. Inaonekana kama kuzunguka bure, lakini akaunti yake sasa inaonyesha kwamba alifutwa, akarudi, akalipa sehemu, na siku akiomba mchele wa mkopo utaisoma historia hiyo. Kwa upande wa kodi, kama 1,800,000 ilishakubaliwa kuwa gharama, hiyo 500,000 inaingia kwenye mapato ya mwaka iliyopokelewa. Ile 1,300,000 iliyobaki inakaa nje ya leja, ila ndani ya faili.

Akikuuliza kama deni lake lilifutwa, mjibu kwa upole: "Tuliliondoa vitabuni, ndugu. Bado tunakudai."