Kupogoa hakubadilishi O kubwa mpaka uthibitishe

Nimesoma tena maelezo ya mtu aliyetatua fumbo la malkia wanane, yaani kuweka malkia wanane kwenye ubao wa sataranji bila yeyote kumshambulia mwenzake, na kuandika chini yake: "Kwa kawaida ni O(n!), lakini nimepogoa, kwa hiyo ni O(n²)." Hiyo n² imetoka wapi? Ameona ubao una safu n na nguzo n, basi. Hajahesabu chochote. Kosa hili linanikera kwa sababu wanaolifanya mara nyingi wameandika msimbo safi kabisa, halafu wanaishia kusema uongo juu yake kwenye mstari wa mwisho.

Tuanze na msimbo wenyewe. Malkia mmoja anakaa kila safu, na nguzo hazirudiwi, kwa hiyo jibu ni mpangilio wa namba 0 hadi n-1 wenye sharti la ziada la mishazari.

```python
def weka(r, n, njia, nguzo, d1, d2, majibu):
    if r == n:
        majibu.append(njia[:])
        return
    for c in range(n):
        if c in nguzo or r-c in d1 or r+c in d2:
            continue
        njia.append(c); nguzo.add(c); d1.add(r-c); d2.add(r+c)
        weka(r+1, n, njia, nguzo, d1, d2, majibu)
        njia.pop(); nguzo.remove(c); d1.remove(r-c); d2.remove(r+c)
```

Ukisahau `[:]` utapata orodha 92 tupu, maana zote ni orodha ileile ambayo mwishoni imeshaondolewa kila kitu. Hilo linajulikana, tusonge.

Sasa tuondoe ukaguzi wa mishazari na tubaki na mipangilio mitupu. Wapo watakaosema: kina ni n, kitanzi kinazunguka mara n, basi ni nⁿ. Kwa n = 8 hiyo ni 16,777,216. Kama kikomo cha juu si kosa, ila ni kikomo kisicho na faida, kwa sababu `nguzo` imeshazuia marudio: safu ya kwanza ina chaguo 8, ya pili 7, ya tatu 6. Majani ya mti huu wa miito, yaani mipangilio iliyokamilika, ni 8! = 40,320. Ukijumlisha nodi za ngazi zote, pamoja na mzizi, unapata 109,601. Uwiano wake na majani ni karibu 2.718, yaani e, na haukui n inapokua. Kwa hiyo nodi ni Θ(n!). Kila nodi isiyo jani inazungusha kitanzi mara n, na kila jani linanakili orodha yenye vitu n, basi muda ni Θ(n · n!). Ile n ya mbele watu wanaiangusha kana kwamba kunakili ni bure. Kwa kuorodhesha seti ndogo zote za vitu n ni hivyohivyo: majibu ni 2ⁿ, wastani wa ukubwa wa kila moja ni n/2, kwa hiyo kuyanakili yote ni Θ(n · 2ⁿ). Kumbukumbu ni O(n) ukiacha majibu yenyewe nje ya hesabu, na lazima useme kwamba umeyaacha.

Turudishe mishazari. Kwa malkia wanane, nodi zinazofikiwa kuanzia mzizi ni 1, 8, 42, 140, 344, 568, 550, 312, na mwisho 92, ambazo ndizo majibu. Jumla ni 2,057. Kutoka 109,601 hadi 2,057 ni punguzo kubwa kweli, na linatokana na mahali ukaguzi ulipokaa: kabla ya kushuka. Ukiuhamishia ndani ya `if r == n`, majibu yatabaki 92 yaleyale, majaribio yako yote yatapita, na programu itatembelea nodi 109,601. Huko si kupogoa. Ni kupanda mti mzima hadi kila ncha ndipo uamue kwamba tawi halikufaa. Njia ya kugundua ni rahisi: weka kihesabio juu kabisa ya fanksheni, uchapishe namba yake. Wengi hawaweki, wanatazama saa tu, na kwa n = 8 saa haikwambii kitu.

Je, 2,057 inatupa haki ya kuandika O kubwa ndogo zaidi? Hapana. Hicho ni kipimo cha n moja. Tena kwa fumbo hili tunajua hata sakafu yake: mwaka 2021 Michael Simkin alithibitisha kwamba idadi ya majibu, n ikiwa kubwa, inakaribia (0.143n)ⁿ. Programu inayochapisha majibu yote haiwezi kumaliza kwa muda mfupi kuliko idadi ya majibu. Basi O(n²) imekufa hapo hapo. Ninachoandika mimi ni: O(n · n!) kama kikomo cha juu, na nodi zilizopimwa kwa n fulani. Vitabu vingi huandika O(n!) na kunyamaza, kana kwamba kikomo hicho kinabana. Hakibani, na afadhali msomaji aambiwe.

Upande wa seti ndogo, ushahidi ni mkali zaidi. Chukua namba 30: 1000, 1002, 1004 mpaka 1058. Tafuta seti ndogo yenye jumla 15,435. Umepanga namba kwa kupanda, na unakatisha kitanzi jumla inapozidi lengo. Ndivyo kila mtu anavyofundishwa. Namba 14 zozote, hata zile kubwa kabisa, jumla yake haizidi 14,630. Kwa hiyo kila seti ndogo yenye namba 14 au pungufu inapita ukaguzi wako bila kuguswa, nazo ni zaidi ya milioni 459. Mwisho wa safari hakuna jibu hata moja, kwa sababu namba zote ni shufwa na lengo ni witiri. Ukiongeza ukaguzi wa "zilizobaki hazitoshi kufikia lengo", unakata sehemu tu. Mstari mmoja wa kuuliza kama lengo linagawanyika kwa kigawo kikubwa cha shirika cha namba zote unamaliza kazi kabla haijaanza. Hata huo haubadilishi hali mbaya kabisa: ongeza namba moja witiri kwenye orodha, na ukaguzi huo hauna tena cha kukataa.

Anayetaka makadirio ya ukubwa wa mti bila kuutembelea wote, Donald Knuth alionyesha njia mwaka 1975. Shuka njia moja kwa bahati nasibu, uhesabu chaguo halali kila ngazi, uzidishe ukishuka, kisha ujumlishe. Kwa malkia wanane, nikiweka nguzo 1, 3, 5, 2, 4 (nikihesabu kuanzia moja), chaguo nilizokutana nazo ni 8, 6, 4, 3, 2, kisha sifuri. Makadirio ni 1 + 8 + 48 + 192 + 576 + 1152 = 1,977, karibu sana na 2,057. Njia hii ilikuwa ya bahati. Nyingine hutoa namba iliyo mbali. Wastani wake wa kinadharia ni sahihi, ila mtawanyiko unaweza kuwa mkubwa mno, hasa pale sehemu kubwa ya mti inapojificha kwenye matawi machache yasiyofikiwa kirahisi. Rudia mara elfu kadhaa, uandike wastani pamoja na mtawanyiko wake, na usiweke alama ya O mbele ya namba hiyo.