Shubiri na vidonge vya kemo

"Mitishamba ni ya asili, haina kemikali. Itagombanaje na kemo, yaani dawa za saratani?" mtu huuliza.

Chukua shubiri. Ule utomvu wake wa manjano, mchungu kweli, una kemikali zinazosukuma utumbo, ndiyo maana huharisha. Kapesitabini, kidonge cha saratani ya utumbo mpana na matiti, nacho huharisha. Tuseme mama wa Kawangware anatumia vyote, shubiri akiipata kwa chupa kutoka kwa mganga wa mitishamba, na sasa anaenda choo safari nne zaidi ya kawaida yake kwa siku. Daktari asiyejua habari ya shubiri atasimamisha kidonge, pengine apunguze dozi inayofuata, kumbe mchokozi yumo chupani. Huku maji na potasiamu vinamwishia mwilini. Mganga hana haja ya kufichwa. Chupa yake ipelekwe kliniki, pamoja na vidonge.