Orodha ya ujuzi LinkedIn: mwajiri anakupataje, na uthibitisho wa wenzako una kazi gani

Tangu tuanze kampeni ya ajira kwa wahitimu wa fani za biashara, lalamiko moja limejirudia kwenye dawati letu kuliko mengine yote: "Nimethibitishiwa ujuzi na watu zaidi ya thelathini, mbona hakuna anayenitafuta?" Wengine wameshafikia hatua ya kulipia uthibitisho kwenye makundi ya WhatsApp. Fedha hiyo imepotea bure, na hapa nitaeleza kwa nini.

Afisa rasilimali watu anayetafuta mtu LinkedIn hapekui wasifu mmoja baada ya mwingine. Anachuja kwa cheo, eneo na ujuzi. Majina ya ujuzi huyachagua kwenye orodha sanifu ya mtandao wenyewe, ileile inayokuletea mapendekezo unapoanza kuandika. Ukipuuza mapendekezo hayo ukaandika maneno yako mwenyewe, yatakaa kwenye wasifu, lakini kichujio kinaweza kukuruka.

Tulikaa na mhasibu mwenye miaka minne kwenye kampuni ya kusambaza vinywaji. Orodha yake ilikuwa na ujuzi 41. Juu kabisa ilikuwa Microsoft Word, iliyothibitishwa na watu 38, ikifuatiwa na Leadership, Teamwork na Hard Working. Tulipomuuliza anafanya nini hasa kazini, alijibu bila kusita: kila mwezi analinganisha taarifa za benki na daftari la fedha, anaandaa mishahara ya watu 60 pamoja na makato ya PAYE na NSSF, na anatayarisha ritani za VAT. Katika hayo yote, kwenye orodha kulikuwa na "Mambo ya kodi" tu, aliyoiandika mwenyewe. Hakuna mwajiri atakayechuja wahasibu kwa Hard Working, ndugu zangu.

Tulifungua matangazo kumi ya kazi anayoitaka, tukapigia mstari maneno yanayojirudia, kisha tukayatafuta kwenye mapendekezo ya LinkedIn. Yakaingia Bank Reconciliation, Payroll, Value-Added Tax (VAT) na QuickBooks, na kila moja tukaliunganisha na kazi aliyolifanyia, ili anayesoma aone limetoka wapi. Mtandao unaruhusu ujuzi hadi 100. Huo ni ukomo, si lengo. Yeye alibaki na 17.

Sasa uthibitisho. LinkedIn iliuanzisha mwaka 2012, na anayeweza kukuthibitishia ni mtu mliyeunganishwa moja kwa moja tu. Mwaka 2015 wahandisi wake walieleza kwamba mfumo wa utafutaji hukadiria umahiri wa mtu kwa dalili nyingi za kwenye wasifu, na uthibitisho ni mojawapo. Kwa hiyo una uzito, ila uzito huo uko kwenye ujuzi uliothibitishwa. Watu 38 wa Microsoft Word hawamsogezi mhasibu wetu hata hatua moja kwenye Payroll. Tulimshauri awaombe watatu walioiona kazi yake, akianza na mhasibu mkuu wake wa zamani, na amtajie kila mmoja ujuzi anaouomba. Ukiomba kwa ujumla, mtu atabonyeza kinachojitokeza kwanza.

Tahadhari moja: ukifuta ujuzi, uthibitisho wake unaondoka nao, na ukiurudisha usitegemee kuukuta. Kama ujuzi ni wa kweli ila si muhimu, ushushe chini ya orodha badala ya kuufuta. Aliyekuthibitishia kitu asichokijua, mfiche: ingia sehemu ya Skills, fungua waliothibitisha ujuzi huo, zima swichi iliyo kando ya jina lake. Yeye hataondoka kwenye mtandao wako.

Kuhusu wanaonunua: masharti ya LinkedIn yanakataza taarifa za uongo na shughuli zisizo halisi. Akaunti inaweza kuwekewa vizuizi, ukatakiwa kuthibitisha utambulisho wako, na ukiendelea ikafungwa kabisa, ukapoteza na mtandao wote wa watu uliojenga. Na kujitambulisha kama CPA bila kusajiliwa na bodi ya wahasibu, NBAA, ni suala la sheria ya nchi. Nimelieleza hili mara nyingi na bado naliona kila wiki: kuwa "unasomea CPA" si kuwa CPA. Andika hatua uliyofikia.

Ukishapanga upya, fungua Search appearances. Huko utaona umetokea kwenye utafutaji mara ngapi, na vyeo vya waliokutafuta. Kwa mhasibu, namba ikipanda huku wanaomtafuta ni watu wa mauzo, bado maneno yake yanaelekea kusiko, na hapo arudi kwenye yale matangazo kumi.